Huyo Zeitgeist ni Fundi wa Wapi?

Kikao kilikuwa cha familia, baada ya sala ya isha, katika nyumba ya marehemu bibi yetu. Ajenda ilikuwa moja tu: dari. Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti zake upande wa kibla zimeanza kuoza. Mvua ya masika iliyopita ilitukuta tukikinga maji kwa masufuria sebuleni. Baadhi yetu walitaka tutoe boriti mbovu, tutie mpya, kisha tupige chokaa upya. Wengine walitaka nyumba iangushwe, tujenge ghorofa.

Mtoto wa ammi yangu, kijana aliyesomea usanifu wa majengo, akasimama kutetea upande wa kuangusha. Alisema kwa adabu na kwa ufasaha, kisha akafunga hoja yake hivi: "Nyumba lazima iendane na Zeitgeist."

Kikao kikanyamaza. Shangazi, aliyekuwa ameketi pembeni na tasbihi yake, akainua uso. "Huyo ni fundi wa wapi, mwanangu? Na anatoza ngapi?"

Tulicheka sana, na kijana mwenyewe akacheka. Akaeleza kwamba si mtu, bali ni neno la Kijerumani, maana yake roho ya zama. Shangazi akajibu, "Basi iambie hiyo roho ije kikaoni tuisikie yenyewe. Hapa kila mtu anasema kwa mdomo wake."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo kichwani. Neno hili tunalikuta sana katika magazeti ya Kiingereza na katika makala za wachambuzi wa utamaduni: muziki fulani umenasa Zeitgeist, filamu fulani ni Zeitgeist ya muongo wake, mwanasiasa fulani ameachwa nyuma na Zeitgeist. Wengi wetu tunalipita tu kama kibao cha barabarani kilichoandikwa kwa lugha tusiyoisoma. Leo tulisimamie. Na nitasema mapema ninapoelekea: katika safari nzima ya neno hili, swali la shangazi ndilo swali lililolisumbua tangu mwanzo.

Neno lenyewe

Latamkwa "tsaitgaist", na limeunganishwa kwa maneno mawili. Zeit ni wakati au zama. Geist ni pana zaidi. Mjerumani hulitumia kwa maana ya roho, kwa maana ya akili, na hata kwa maana ya mzuka anayetisha watu usiku. Waarabu hulifasiri kwa kusema ruhu al-asri, na asri hiyo ndiyo ile ile tunayoijua katika alasiri, yaani wakati. Kwa Kiswahili tunaweza kusema roho ya zama, mradi tukumbuke kuwa haimaanishwi roho ile inayotoka mtu akifa. Inayokusudiwa ni namna ya kufikiri, kuonja, kutamani na kuogopa ambayo watu wa kipindi kimoja wanadaiwa kuwa nayo kwa pamoja, hata bila wenyewe kujua.

Neno hili si sawa na mtindo. Mtindo unauona kwa macho: mshono wa buibui, mkato wa kanzu, aina ya simu. Anayesema Zeitgeist anadai jambo kubwa zaidi. Anadai kwamba chini ya mitindo yote kuna mzizi mmoja. Kwamba muziki wa zama hizo, sheria zake, mavazi yake, majengo yake na hata vita vyake vinatoka katika roho moja. Kwa hivyo ukiijua roho hiyo, utaielewa nyimbo na utaielewa serikali pia. Dai hili ndilo linaloipa Zeitgeist utamu wake, na ndilo linaloitia katika matatizo.

Lilikotoka

Aghlabu neno hili hufuatiliwa hadi mwaka 1769, kwa Johann Gottfried Herder, kijana aliyekuwa mhubiri na mwalimu mjini Riga. Alikuwa akimjibu msomi mwenzake, Klotz, aliyekuwa ameandika kwa Kilatini juu ya roho ya karne. Herder akaligeuza wazo hilo kuwa la Kijerumani.

Herder alikuwa na nia njema. Wasomi wengi wa siku zake walizipima kazi za watu wa kale kwa rula ya karne yao wenyewe, na kila kisichofanana na Paris ya wakati huo wakakiita ushenzi. Herder alifundisha kwamba kila watu na kila zama wana kipimo chao. Usimpime mshairi wa kale kwa kioo cha leo. Kwa maana hiyo, roho ya zama ilianza kama ombi la uadilifu.

Halafu zikaja vita vya Napoleon. Oktoba 1806 jeshi la Wafaransa liliingia Jena, mji mdogo wa Ujerumani uliokuwa na chuo kikuu. Mwalimu mmoja wa falsafa wa hapo, Georg Wilhelm Friedrich Hegel, alimwona Napoleon akipita kwa farasi kwenda kukagua askari. Katika barua kwa rafiki yake alimwelezea mtu huyo kuwa ni nafsi ya ulimwengu iliyopanda farasi. Wiki hiyo hiyo Waprusi walishindwa vitani nje ya mji huo.

Watu wengi husema Zeitgeist ni neno la Hegel. Kwa kweli yeye alipendelea zaidi kusema roho ya wakati, roho ya taifa na roho ya ulimwengu. Lakini ndiye aliyeutia wazo hili nguvu. Kwa Hegel, historia ni safari ya Roho inayojitambua hatua kwa hatua, na kila hatua hukabidhiwa taifa fulani. Dini, sanaa, sheria na dola za taifa hilo ni matawi ya mti mmoja, na hakuna mtu anayeweza kuruka akatoka nje ya zama zake. Kutoka kwa Herder aliyesema "kila zama na kipimo chake", tukafika kwa Hegel aliyesema zama zimepangwa kwa foleni, na kuna zilizo mbele na zilizo nyuma.

Si kila Mjerumani aliyekubali. Mwaka 1808, miaka miwili tu baada ya Jena, Goethe alichapisha sehemu ya kwanza ya tamthilia yake Faust. Humo Faust anamwambia msaidizi wake, msomi mwenye kupenda vitabu, kwamba hiyo wanayoiita roho ya nyakati kwa hakika ni roho ya mabwana wenyewe, na nyakati zinajiakisi ndani yake kama katika kioo. Ndiyo kusema Goethe alikwisha kuuliza: huyo ni fundi wa wapi?

Waliotolewa katika foleni

Kwa nini mambo haya yatuhusu sisi watu wa Pwani? Kwa sababu foleni ya Hegel ilikuwa na mlango, na sisi tuliachwa nje.

Katika miaka ya 1820 Hegel alikuwa profesa mashuhuri mjini Berlin, akifundisha falsafa ya historia. Masomo hayo yalichapishwa kuwa kitabu mwaka 1837, baada ya kufa kwake. Humo anaiweka kando Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Kwake, haina historia wala mwendo, na baada ya kuitaja kwa kurasa kadhaa anaiacha, asiirudie tena. Hakupata kukanyaga Afrika. Alitegemea habari za wasafiri na wamishonari.

Tazama sasa kilichokuwa kikitokea hapa siku hizo hizo. Mombasa ilikuwa chini ya Mazrui, nao walikuwa wakivutana na Seyyid Said wa Omani. Mwaka 1824 nahodha Mwingereza, Owen, aliipandisha bendera ya nchi yake juu ya Ngome, ikakaa miaka michache kisha ikateremshwa. Na katika mji huo huo alikuwako Muyaka bin Haji, aliyezaliwa karibu na wakati alipozaliwa Hegel, akitunga mashairi juu ya vita hivyo, juu ya siasa za mji, juu ya mapenzi na juu ya ufukara. Watu wakayahifadhi kwa moyo na baadaye yakaandikwa.

Kwa hivyo mtu mmoja alikuwa Berlin akifundisha kuwa huku hakuna mwendo wa historia, na mtu mwingine, rika lake, alikuwa Mombasa akiutunga mwendo huo kwa vina na mizani. Kosa la Hegel halikuwa kukosa habari tu. Lilikuwamo ndani ya wazo lenyewe. Ukishaamini kuwa kila zama zina roho moja, na kwamba wewe unaijua, basi asiyefanana na roho hiyo huna haja ya kumsikiliza. Humwambii kuwa amekosea. Unamwambia kuwa hayumo katika wakati.

Mtaa wa Stuttgart

Nimetafuta mfano utakaoonyesha namna neno hili linavyofanya kazi mikononi mwa wachambuzi, na nimeupata katika jambo lililo karibu na kikao chetu: dari. Mfano wenyewe uko Ujerumani, katika mji wa Stuttgart.

Mwaka 1927 chama cha wasanifu na wenye viwanda, kikisaidiwa na baraza la mji, kilijenga mtaa wa maonyesho juu ya kilima kiitwacho Weissenhof. Msimamizi alikuwa Ludwig Mies van der Rohe. Wasanifu 17 kutoka Ujerumani na nchi jirani walijenga majengo 21 kwa muda wa miezi michache. Kuta nyingi zilikuwa nyeupe au za rangi nyepesi, madirisha mapana, mapambo hakuna, na kila jengo lilikuwa na paa bapa, la kutembea juu yake. Takriban watu nusu milioni walikwenda kutazama.

Mies alikuwa ameandika miaka michache kabla kuwa ujenzi ni nia ya zama iliyogeuzwa kuwa nafasi. Wachambuzi wengi walioandika baadaye walimfuata. Katika vitabu vya historia ya usanifu, paa hizo bapa za Weissenhof zikawa ushahidi wa Zeitgeist ya miaka ya 1920: zama za mashine, usafi, mwanga na kasi, zama zilizochoka na mapambo ya wafalme walioanguka mwaka 1918.

Ni maelezo mazuri. Sasa tuyaulize maswali ya shangazi.

Kwanza, kwa nini paa zote zilikuwa bapa? Mtu angedhani wasanifu 17 kutoka miji mbalimbali waliguswa na roho moja. Jibu ni jepesi zaidi: paa bapa lilikuwa sharti la maonyesho. Asiyelitaka hakujenga pale. Ule mfanano tunaouita roho ulianza kama kifungu cha masharti ya kazi, na wasanifu wenyewe walichaguliwa kwa kuwa walikwisha kukubaliana.

Pili, nani hakualikwa? Mji huo huo ulikuwa na walimu wawili mashuhuri wa usanifu, Paul Bonatz na Paul Schmitthenner. Nao walikuwa watu wa miaka ya 1920, wakivuta hewa ile ile, na walipendelea ujenzi wa desturi za nyumbani kwao, nyumba za paa la mteremko. Mwaka 1926 Bonatz aliandika gazetini akiushambulia mpango wa Weissenhof, akaufananisha na kitongoji cha Jerusalem. Mwaka 1933, karibu na kilima hicho, Schmitthenner alisimamia mtaa mwingine wa maonyesho, Kochenhof, wa nyumba za mbao zenye paa za mteremko, kama jibu kwa ule wa kwanza. Basi roho ya zama ilikuwa na paa gani? Ukisimama katikati ya mitaa hiyo miwili, unaona hoja mbili za watu wa zama moja, kila upande ukisema ndio unaosikiliza wakati.

Tatu, fedha zilitoka wapi? Baada ya vita vya kwanza vya dunia Ujerumani ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Mwaka 1923 sarafu yake iliporomoka hata mikopo ya zamani ya nyumba ikawa si kitu. Wenye nyumba walijikuta wamesamehewa madeni yao bila kulipa. Kuanzia 1924 dola ikawatoza kodi maalumu, na sehemu ya kodi hiyo ikatumika kujengea nyumba za umma. Miji ikawa na fedha za kujenga kwa wingi, na haja ya kujenga kwa haraka. Saruji ya chuma na vipande vilivyotengenezwa kiwandani vilikuwa tayari. Haya yote yana tarehe na mahesabu. Ukisema "Zeitgeist" bila kuyataja, umeeleza nyumba bila kumtaja aliyelipa.

Lakini kuna jambo la nne, nalo ndilo linalonikaa rohoni. Wakati wa utawala wa Wanazi ilisambazwa kadi ya posta yenye picha ya Weissenhof iliyochezewa. Katika njia zake walitiwa ngamia, simba na watu waliovaa majoho, na mtaa ukaitwa kijiji cha Waarabu. Dhihaka ilikuwa katika paa. Paa bapa, walisema, si la Kijerumani. Ni la watu wa jangwani. Paa lile lile ambalo wachambuzi wengine waliliita sauti ya zama mpya, kwa hawa lilikuwa ishara ya watu wa nje, wasiostahili. Sisi ambao babu zetu walilala juu ya sakafu ya dari usiku wa joto tunaweza kuitazama kadi hiyo tukacheka, ila tusicheke sana. Waliochora ngamia wale walikuwa pia wakisema kwa jina la roho: roho ya taifa, roho ya damu, roho ya zama zao. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mtaa huo uliuzwa kwa dola ili ubomolewe, pajengwe ofisi za jeshi. Vita vikaingia na mpango ukakwama, ingawa mabomu yaliangusha baadhi ya nyumba. Majengo 11 yamebaki. Mwaka 1958 yakawekwa chini ya hifadhi, na mwaka 2016 nyumba za Le Corbusier zilizoko pale zikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya Unesco.

Hapo ndipo mchambuzi wa leo anaposimama mbele yake na kusema, "Hii ndiyo Zeitgeist ya miaka ya 1920." Hasemi uongo wa moja kwa moja. Ila angesimama hapo mwaka 1935 angesema vingine. Zama hazikulitaja jina lake zenyewe. Waliotaja ni walioandika baadaye, wakijua nani alishinda.

Kasoro iko wapi

Mwanahistoria wa sanaa Ernst Gombrich, aliyezaliwa Vienna mwaka 1909 na kuishi sehemu kubwa ya umri wake Uingereza, alilichambua jambo hili katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1967. Alichora gurudumu. Katikati kuna kitovu, ndiyo roho. Kutoka kitovuni zinatoka njiti: dini, sheria, sanaa, sayansi, maadili. Mchambuzi hushika njiti moja, tuseme picha za kuchora, akaifuata mpaka kitovuni, halafu akatoka kwa njiti nyingine na kukueleza sheria za nchi.

Kasoro, alisema, ni kwamba kitovu hakuna aliyepata kukiona. Unajuaje kuwa zama zilikuwa na roho ya kasi na mashine? Kwa kuzitazama nyumba. Na kwa nini nyumba ziko hivyo? Kwa sababu ya roho ya kasi na mashine. Ushahidi na sababu ni kitu kimoja kinachozunguka. Maelezo ya namna hiyo hayawezi kukosea, na ndiyo maana hayatufunzi kitu.

Gombrich hakusema kuwa watu wa wakati mmoja hawafanani. Alipendekeza tusome harakati badala ya roho. Harakati huanzishwa na watu wenye majina, hupata wafuasi, huwa na masharti, maneno yao na mavazi yao, na huwa na wapinzani. Weissenhof ilikuwa harakati. Kundi la Schmitthenner nalo lilikuwa harakati. Harakati unaweza kuihesabu, ukauliza ilianza lini, nani aliifadhili na nani aliikataa.

Kutokana na hayo, mimi msomaji wa kawaida nimejiwekea maswali matatu kila ninapokutana na neno hili. Je, mwandishi ametaja sababu zenye jina na tarehe, au roho ndiyo sababu yake pekee? Je, ametuonyesha watu wa wakati ule ule waliofikiri vingine? Na je, angeweza kukosea, yaani kuna jambo ambalo lingeonekana angekubali kuwa si hivyo? Akishinda maswali hayo, basi neno Zeitgeist limekuja mwishoni kama kifuniko cha chungu kilichopikwa. Akishindwa, kifuniko kipo na chungu ni kitupu.

Tunapolisikia leo

Siku hizi neno limepungua uzito. Katika Kiingereza mara nyingi humaanisha tu kinachozungumzwa sana. Kampuni ya Google kwa miaka kadhaa, kuanzia 2001, ilitoa orodha ya maneno yaliyotafutwa zaidi ikiiita Zeitgeist. Orodha kama hiyo inatuambia watu waliuliza nini, haituambii waliamini nini. Mtu hutafuta jina la mwizi kwa hamu ile ile anayotafutia jina la mchezaji mpira. Nako Ujerumani kwenyewe neno mara nyingi hutumika kwa kejeli: mtu anayeikimbilia Zeitgeist ni bendera fuata upepo.

Hapa kwetu Kenya tulikaribia kulihitaji Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, mpaka Rais akakataa kuutia saini tarehe 26 mwezi huo. Makala nyingi zilisema kuwa kizazi kipya kimekuja na roho mpya. Huenda. Lakini mwenye kuuliza kama shangazi angeanza kwa mswada wenyewe, kodi zipi zilipendekezwa, nani aliufasiri na kuusambaza kwa simu, na miji gani ilitoka na ipi ilikaa. Angewakumbuka pia vijana wa umri ule ule waliokuwa kazini siku hiyo, au waliokuwa na maoni mengine. Akimaliza hayo, akataka kusema roho ya zama, tutamsikiliza. Akianza na roho, atakuwa amewanyang'anya vijana wale sababu zao, awafanye kama majani yaliyopeperushwa na upepo.

Turudi kwenye dari

Kikao chetu kilikutana tena wiki iliyofuata. Mtoto wa ammi alikuja akiwa amejiandaa, na mara hii hakutaja Zeitgeist. Alileta mahesabu. Akatueleza jambo ambalo mimi, niliyelala katika nyumba hiyo utoto wangu wote, sikuwa nimelifikiria. Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu na vyembamba, upana wake mita mbili na nusu au tatu hivi. Mgeni huviona akasema ndiyo roho ya Waswahili, watu wa faragha na utulivu. Kumbe sababu iko mikokoni: boriti nzuri haina urefu wa kubeba dari pana kuliko hapo. Upana wa sebule ya bibi uliamuliwa na mti.

"Kwa hivyo," akasema, "tukitaka chumba kipana, lazima saruji na chuma, na kuta hizi za chokaa hazitabeba uzito huo. Tukitaka kuta hizi zibaki, lazima boriti. Hayo ndiyo yaliyopo."

Shangazi akamtazama muda, kisha akasema, "Sasa umesema wewe, mwanangu. Ile siku alisema mwingine."

Hatujaamua. Tumekubaliana kwanza fundi apande ahesabu boriti zilizooza, moja moja, kabla ya mvua za vuli. Kijana atakuwa naye huko juu, akiandika.